Singo yangu mpya niiteje? "Safari ya Hisia" au "Nshakuzoea"? Naombeni msaada kabla sijaaplodi

SautiYaKijivu
Habari zenu wakuu. Nina singo iko tayari, mixing imeshaisha imebaki masta tu, nataka kuitoa baada ya wiki nne hivi. Shida yangu ni jina. Mimi tangu naanza kuandika niliiita Safari ya Hisia na ndio jina lililoko kwenye faili zote, lakini meneja wangu anasema hilo jina halimo kwenye wimbo popote so mtu akisikia hawezi kulitafuta. Yeye anataka Nshakuzoea. Korasi inaenda hivi:

*Nshakuzoea, nshakuzoea*
*hata ukinuna nshakuzoea*
*nimepita kote, nimezunguka*
*kwako moyo umegota, umegota*

Korasi inaanza sekunde ya 41, inarudi mara tatu. Mimi sio maarufu, wasikilizaji wangu wengi wananipata kwa vipande vifupi vya video halafu wanaenda kutafuta wimbo mzima. Naombeni maoni ya kweli, msinifariji.

DJ_Kidevu
Dada hapo hakuna mjadala, jina refu linaua wimbo. Neno moja tu, fupi, herufi nne au tano. Ita GOTA. Herufi kubwa zote, inakaa vizuri kwenye kava, kila mtu anaikumbuka. Nyimbo zote kali siku hizi ni neno moja.

Chupa_la_Maji
meneja wako yuko sahihi, safari ya hisia ni jina la tamthilia ya saa tatu usiku 😂😂

MzeeWaMixa
Kijivu, nimekusoma. Kidevu yuko sahihi nusu, nitamrudia.

Kwanza jiulize huyo msikilizaji wako anafanya nini hasa. Amesikia kipande cha sekunde 15 kwenye simu, amekipitisha, baadae jioni kinamrudia kichwani. Jina lako hajui. Anachojua ni sauti iliyobaki sikioni. Anafungua apu, anaanza kuandika. Hapo ndipo jina linapofanya kazi au linakufa, kwa hiyo usiangalie jina zuri kwenye karatasi, angalia kile kidole chake kitaandika.

Safari ya Hisia kwa hesabu hiyo limekufa, meneja hajakosea. Ila Nshakuzoea nalo lina ugonjwa wake ambao naona hamjauona. Wewe unaandika Nshakuzoea. Mwingine ataandika nishakuzoea. Mwingine aliyesoma shule vizuri ataandika nimeshakuzoea. Mwingine nimekuzoea, maana kichwani kwake maana ni hiyo hiyo. Kiswahili chetu tunakiimba kwa mkato na tunakiandika kila mtu na lake, na mkato wenyewe mara nyingi uko mwanzo wa neno, kwenye hiyo n. Na sanduku la kutafuta linakupa mapendekezo kuanzia herufi ya kwanza. Ukikosea katikati apu huwa inakusamehe, ukikosea herufi ya pili unajikuta umeshapewa nyimbo nyingine kumi kabla hujafika mbali, na mtu akiona kitu kinachofanana anabonyeza hicho.

Fanya jaribio kabla ya kubishana na meneja. Chukua watu 10 au 12 ambao hawajawahi kusikia wimbo, wapigie korasi mara mbili tu, usiwatajie jina, usiwaonyeshe mashairi. Kesho yake watumie ujumbe, "ule wimbo ungeutafuta ungeandika nini?" Waandike kwa simu zao wenyewe, wasikutamkie. Halafu leta majibu hapa.

DJ_Kidevu
Mzee nusu sahihi vipi tena, neno moja linashinda kila siku

MzeeWaMixa
Neno moja linashinda kama neno lenyewe ni lako. Fungua Spotify uandike `track:gota` uone, hiyo inatafuta kwenye majina ya nyimbo tu. Gota kwa Kihispania ni tone la maji, na Wahispania na Walatino wameimba matone kuliko tunavyodhani. Unamweka mtoto mpya kwenye mlango uliojaa watu wakubwa. Matokeo hayapangwi kwa anayefanana zaidi peke yake, anayesikilizwa sana anapanda juu. Kitu kingine jaribu kuandika gota kwenye simu ambayo kibodi yake iko kwa Kiingereza uone inavyokugeuzia kuwa `gotta`.

DJ_Kidevu
Haya hiyo ya gotta nimeijaribu sasa hivi, imenigeuzia kweli. Nimenyamaza. Kwa sasa.

Nuru_Mwanana
Samahani naingilia, mimi wimbo wangu umetoka wiki iliyopita na umetokea kwenye profaili ya mtu mwingine mwenye jina kama langu, jamaa anaimba rap ya lugha siijui kabisa. Mashabiki wangu wanafungua profaili yangu hawauoni. Nibadilishe jina la wimbo ndio utarudi?

Ka_Aplodi
Nuru hilo lako ni jina la msanii, jina la wimbo halihusiki, ukilibadilisha utakuwa na wimbo wenye jina jipya kwenye profaili ile ile ya mwenzako. Wakati wa kuaplodi msambazaji wako aliuliza kama tayari una profaili, wewe ukaruka au ukachagua isiyo yako. Mwandikie umpe linki ya profaili yako sahihi aombe wimbo uhamishwe. Na kwa Spotify kama una akaunti ya Spotify for Artists kuna sehemu ya kuripoti wimbo uliokaa pasipo pake. Strimu zinahama na wimbo, usiufute.

Nuru_Mwanana
Asante sana kaka, nilikuwa nimeshabonyeza kufuta nikasita

Kalamu_Tulivu
Mimi ni mtunzi sio mwimbaji. Nataka kuongeza kitu kwenye alichosema Mzee, kuna maneno yetu ambayo ukiyaweka kwenye jina umejitafutia kazi. Dhahabu, watu wanaandika zahabu. Thamani, wapo wanaoandika samani, na samani ni makabati. Gharama na garama. Hayo ya l na r ndio usiseme, mimi nilishawahi kutunga wimbo wenye neno Ulale kwenye jina, nikatumiwa ujumbe na mtu anauliza "ule wimbo wa Urare uko wapi". Na majina yenye ng' kama Ng'ara, apu nyingi zinasamehe ile alama lakini mtu mwenyewe anabaki anawaza aiweke au asiiweke. Namba pia, Saa Sita au Saa 6?

Sisemi msiyatumie, ukiwa na jina kubwa watu watatafuta jina lako halafu wimbo watauona juu. Ila dada hapo amesema mwenyewe sio maarufu.

tx_madoido
Jamani si mnazunguka mbuyu, siku hizi watu wanashazam tu. Nani anaandika?

MzeeWaMixa
Shazam inataka wimbo uwe unalia muda huo mdogo wangu. Aliyeusikia asubuhi na anaukumbuka usiku hana cha kuishikisha Shazam.

tx_madoido
sawa ila pia Spotify ukiandika mashairi inaleta wimbo, mimi nafanya hivyo kila siku

Ka_Aplodi
Hiyo ni kweli na watu wengi wanaisahau, lakini haifanyiki yenyewe. Mashairi yanatakiwa yawe yamewekwa. Kwa Spotify yanatoka Musixmatch, unajisajili kama msanii, unayaandika na unayaoanisha na muda wa wimbo. Wasanii wengi wadogo hawafanyi, halafu wanashangaa mtu akiandika mstari wa korasi haji popote. Na hapo tena linarudi suala la Mzee la uandishi, mashairi yakiandikwa nshakuzoea na mtu akatafuta nimeshakuzoea hauna uhakika.

Lakini kwa Kijivu hii inamsaidia hivi: ana vibwagizo viwili kwenye korasi moja. Kimoja kiwe jina, kingine kipatikane kupitia mashairi. Sio lazima jina libebe vyote.

SautiYaKijivu
Nimerudi na majibu ya jaribio, watu 12, nimewapigia korasi jana mchana kama Mzee alivyosema, kwenye spika ndogo ya simu, leo nimewauliza. Nimecheka na nimelia.

Wanne wameandika nishakuzoea. Watatu nimekuzoea. Wawili moyo umegota. Mmoja nimeshakuzoea. Mmoja ameandika "moyu megota". Mmoja kasema hakumbuki ila anakumbuka melodi, akanitumia voisi anaimba, na ameimba sehemu ya umegota bila maneno, lalala lalala.

HAKUNA HATA MMOJA aliyeandika nshakuzoea kama tulivyoandika sisi. Meneja nimemtumia picha ya majibu, amekaa kimya mpaka sasa.

Chupa_la_Maji
moyu megota 😭😭 huyo mtu ana kipaji chake

MzeeWaMixa
Huyo wa moyu megota ndio muhimu kuliko wote, usimcheke. Na huyo wa lalala wa pili kwa umuhimu.

Angalia. Wanane wameshika sehemu ya kuzoea, sawa, inarudiwa mara tatu na ndio inayoanza. Lakini wameisambaza kwenye uandishi wa aina tatu. Wachache wameshika umegota, lakini ukiondoa huyo mmoja wote wameiandika sawasawa bila kufundishwa. Na yule wa lalala sikio lake limebaki pale pale kwenye umegota, maana yake melodi yako inapanda pale na maneno hayasikiki. Hebu niambie, unaimba "moyo umegota" kwa pumzi moja?

SautiYaKijivu
Ndio, vimeungana. Moyo inagusana na umegota, o na u.

MzeeWaMixa
Basi ugonjwa uko hapo. O ya moyo inaliwa na u inayofuata, anayesikia anapata moyumegota, hajui neno linaanzia wapi. Aliyeandika moyu megota ameandika kitu ulichomwimbia, hajakosea yeye umekosea wewe.

Na nikisia tu bila kusikia, ile noti ndefu umeiweka silabi ya mwisho, umegotaaa, sio?

SautiYaKijivu
Mzee unanitisha 😅 ndio, ta ndio ndefu

MzeeWaMixa
Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, u-me-GO-ta. Kurefusha ta sio dhambi, a inaimbika vizuri juu kuliko i na u, mdomo uko wazi. Shida inakuja ikiwa GO imeangukia kwenye pigo dhaifu na imepita haraka, sikio halilikamati neno. Neno la jina linatakiwa lisikike kama unavyoliongea. Kwa hiyo: GO iangukie kwenye pigo zito, ta irefuke baada ya hapo kama unataka. Na kabla ya umegota weka kimya, hata nusu ya pigo inatosha. "Kwako moyo... umegota." Hicho kimya kinafanya neno lisimame peke yake, na kwa maana pia kinakaa vizuri kwa sababu moyo unasimama kidogo.

Hauhitaji kurudia wimbo mzima. Rekodi upya ule mstari mmoja, teki chache, uuweke kwenye korasi zote tatu. Masta si bado? Una bahati, ukishamasta hii kazi inakuwa mara mbili.

Kalamu_Tulivu
Naomba nipinge kidogo hapa, sio kiufundi. Umegota. Mimi nikisikia kitu kimegota nawaza kimekwama, kimefika ukuta. Gari limegota. Biashara imegota. Huu ni wimbo wa mapenzi matamu au wa mtu aliyekata tamaa? Jina linamwandaa msikilizaji kabla hajabonyeza.

SautiYaKijivu
Ni wa mapenzi lakini sio ya mwanzo mwanzo, ni mtu ambaye amezunguka na amefika mwisho wa kuzunguka. Amegota kwa maana hapiti zaidi ya hapo. Ila hofu yako naielewa, hata dada yangu kauliza "nani kakukwamisha".

Chupa_la_Maji
mi naona hiyo ndio inafanya mtu abonyeze, umegota wapi? kwa nani? 

Kalamu_Tulivu
Labda. Mimi bado ningechukua Moyo Umegota, maneno mawili, maana inaeleweka hapo hapo.

Ka_Aplodi
Moyo Umegota ni jina zuri kusoma, tatizo langu ni neno la kwanza. Nyimbo zinazoanza na Moyo ni utitiri. Mtu akiandika moyo tu, kabla hajamaliza ameshaletewa moyo wangu, moyo wako, moyo wa kila mtu. Akivumilia mpaka neno la pili anakupata. Umegota peke yake, akifika umeg tayari njia ni nyeupe. Na atakayeandika moyo umegota yote, apu bado itakuleta kwa sababu neno limo, na mashairi ukiyaweka yatamalizia.

Sasa mambo ya fomu ya kuaplodi, hapa ndio watu wanaharibu jina zuri:

Usiandike kwa herufi kubwa zote kama Kidevu alivyosema, wasambazaji wengi wanairudisha. Emoji vile vile. Kwenye sanduku la jina usiongeze `Official Audio` wala mwaka wala jina lako wala "wimbo mpya", hayo ni ya YouTube kwenye video yako mwenyewe, kule ruksa. Kama kuna kolabo usiiandike kwenye jina, kuna sehemu yake ya msanii mshiriki, ukiijaza hapo apu zinaiandika zenyewe. Na jina liwe lile lile herufi kwa herufi kwenye kava, kwenye fomu, kwenye video na kwenye bango unaloposti. Nimeshaona kava imeandikwa Nshachoka na fomu imeandikwa Nimechoka, ikarudishwa, wiki ikapotea.

DJ_Kidevu
Nauliza kwa heshima, si anaweza kutoa na jina lolote halafu akibadilisha mawazo anabadilisha? Mbona YouTube nabadilisha kila siku

Ka_Aplodi
YouTube video ni yako, unabadilisha kwa dakika moja. Kwenye maduka ya muziki unamwomba msambazaji, ombi linaenda kwenye kila apu, na kila apu inasasisha kwa muda wake. Ile namba ya utambulisho wa rekodi, ISRC, inabaki ile ile kwa hiyo strimu zinabaki. Lakini kuna siku ambazo wimbo wako una majina mawili kwa wakati mmoja, kava ina jina la zamani mpaka ibadilishwe, na zile posti zote za watu zimeandikwa jina la kale. Kibaya zaidi wengine hawaombi marekebisho, wanafuta wanaaplodi upya kwa ISRC mpya. Hapo wameanza sifuri, na plelisti zilizokuwa na wimbo zimebaki na pengo.

So ndio inabadilika, ila muda mzuri wa kuamua ni kabla.

tx_madoido
Na ile kuweka majina mawili, jina halafu mabano? Umegota mabano Nishakuzoea. Si anakamata wote

Ka_Aplodi
Mara nyingi inapita kwa sababu ni jina mbadala la kweli na limo kwenye wimbo. Kuna wakaguzi wanaouliza uliza. Mimi siipendi kwa msanii mpya kwa sababu nyingine, kwenye simu jina refu linakatwa nusu na mtu anaona Umegota mabano Nish nukta nukta. Lakini sio kosa, ni ladha.

MzeeWaMixa
Mimi ningeyaweka. Watu wanane kati ya kumi na mbili walishika kuzoea, hao unawaacha nje?

Ka_Aplodi
Mzee hao wanane waliandika aina tatu, utachagua ipi uweke kwenye mabano? Ukiweka Nishakuzoea umepata wanne. Mashairi yatafanya hiyo kazi bila kuchafua jina.

MzeeWaMixa
Wanne ni wengi kuliko sifuri. Ila haya, wimbo sio wangu.

SautiYaKijivu
Msigombane wazee wangu 😄 Nimeingia studio jana. Prodyuza wangu mwanzoni alinuna, akasema mstari uko poa kwa nini tunaurudia, nikamwonyesha moyu megota akacheka akafungua mradi. Tumeweka kimya kidogo kabla ya umegota, GO tumeipeleka kwenye pigo la kwanza la baa, ta inarefuka lakini sio kama zamani. Na tumebadilisha kitu kingine, umegota ilikuwa inasikika mara mbili tu mwisho wa korasi, sasa nimeiongeza na kwenye intro, naiimba mara moja chini chini bila ngoma, sekunde ya 6. Sababu ni kwamba korasi inaanza 41 na kuna mtu hafiki huko.

Nimerudia jaribio na watu wengine kabisa, 11 safari hii. Saba wameandika umegota. Wawili moyo umegota. Mmoja nishakuzoea. Mmoja "umekota".

Kalamu_Tulivu
Umekota, kama anakota kuni 😂 Lakini 9 kati ya 11 ni matokeo mazito. Narudisha upinzani wangu nusu, ile ya maana bado ninayo.

MzeeWaMixa
Vizuri umetumia watu wengine, wale wa kwanza wangekudanganya maana wimbo wameshausikia. Huyo wa umekota mwangalie, g yako inawezekana ni laini sana, mwambie prodyuza asiikate kwenye mixing pale chini. Mmoja sio tatizo, wakiwa watatu rudi studio.

Intro umefanya la maana kwa sababu nyingine pia, Spotify inahesabu strimu mtu akifika sekunde 30. Aliyekuja kutafuta umegota, asipoisikia mapema anadhani amekosea wimbo anatoka.

DJ_Kidevu
Mimi nataka ijulikane kwamba gota imo ndani ya umegota, kwa hiyo mchango wangu upo

Chupa_la_Maji
apewe asilimia za utunzi huyu

Ka_Aplodi
Kijivu mambo mawili kabla hujabonyeza. Moja, sachi umegota kwenye kila apu unayotegemea, usiangalie Spotify tu, angalia na YouTube, Boomplay, Audiomack, uone kama kuna wimbo mkubwa wenye jina hilo. Jina kufanana sio kosa kisheria, majina ya nyimbo yanafanana kila siku, ila utakuwa unamfanyia mwenzako promo. Mbili, kwenye fomu msambazaji akikuuliza kipande cha TikTok kianzie sekunde gani, usiache kile anachoweka mwenyewe. Anzisha mstari mmoja kabla ya umegota, yaani nimepita kote nimezunguka, ili neno lije ndani ya kipande. Sauti ikitumika kutoka kwenye maktaba yao jina la wimbo linaandikwa chini ya video. Mtu akiirekodi yeye kutoka kwenye spika jina haliji, kwa hiyo wape hiyo rasmi mapema uwatumie linki.

Na ile ya kupendekeza wimbo kwa wahariri wa Spotify ifanye angalau siku 7 kabla ya kutoka, hiyo pia inahakikisha wafuasi wako wanaupata kwenye Release Radar. Mimi nasemaga wiki tatu, ili jina likirudishwa kwa kosa la fomu bado una muda.

SautiYaKijivu
Nimesachi zote nne pamoja na Apple Music. Sijaona wimbo mkubwa unaonizibia, kuna nyimbo zenye gota gota nyingi za Kihispania kweli kama Mzee alivyosema lakini nikiandika umeg zinapotea. Meneja amekubali, amesema tu mashairi niyaandike Nishakuzoea yenye i hata kama naimba bila i, kwa sababu ndio walioandika wengi. Hiyo ni sawa Ka_Aplodi au watakataa kwa sababu sauti haifanani?

Ka_Aplodi
Ni mkato wa matamshi tu, neno ni lile lile, ukiandika Nishakuzoea hakuna atakayekusumbua. Sema lirudie hivyo hivyo mara zote, usiandike juu nisha chini nsha.

Nuru_Mwanana
Wangu umerudi kwenye profaili yangu leo asubuhi jamani!! Ila sasa nimeona jina limeandikwa herufi ndogo zote na kwenye kava ni kubwa, hii nayo niombe wabadilishe au niache?

Ka_Aplodi
Hiyo iache kwa sasa Nuru, kwenye kutafuta kubwa na ndogo ni sawa tu. Subiri wimbo ujao uanze vizuri.

SautiYaKijivu
Basi imeaplodiwa usiku huu. Umegota, U kubwa zingine ndogo, bila mabano, samahani Mzee. Kimya kabla ya neno kipo, dada yangu ameusikia tena leo akauliza tena nani kakukwamisha, kwa hiyo Kalamu hiyo yako bado sina jibu.

MzeeWaMixa
Hakuna samahani. Ukitoka niwekee hapa, nitaandika moyu megota nione kama nitakupata.